Wimbo si Kipimo cha Sauti

Kwa mteja wangu wa Koboko,

Dada, ile mashine ya kusaga karanga na simsim nitaionyesha kutoka huku Arua kwenye Zoom Alhamisi saa nane mchana. Umeniuliza swali ambalo kila mteja huniuliza: ununue bando kubwa kiasi gani ili usikie? Ukaongeza kwamba simu yako ni nzima, maana ulipiga wimbo kwayo na sauti ikajaa duka zima. Nayajibu yote mawili hapa, kwa sababu nimechoka kueleza mashine kwa watu wanaonitazama tu mdomo.

Wimbo haukupima kitu unachokihitaji. Umeonyesha kuwa spika inalia, basi. Haujaonyesha kama maiki inachukua sauti yako, wala kama Zoom imeruhusiwa kuitumia. Hata ukali wa sauti haujapimwa: simu za Android hutenga sauti ya muziki na sauti ya mazungumzo, kwa hiyo muziki unaweza kuvuma huku mazungumzo yamepunguzwa hadi chini. Kitufe cha pembeni kibonyeze ukiwa ndani ya mkutano, si kabla.

Sasa bando. Kwenye mkutano wetu uliopita wa Zoom uliniona vizuri nikimimina karanga, ila hukusikia neno hata moja. Hebu fikiri hapo. Picha ndiyo mzigo mzito. Kwa vipimo vya Zoom wenyewe, sauti peke yake huhitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na picha huhitaji mamia. Mtandao uliokuletea picha safi ungeshindwaje na sauti? Ukiwa dhaifu kweli, dalili zake ni nyingine: picha inaganda, maneno yanafika vipande vipande. Kimya kitupu kwenye picha nzuri hutokana na mpangilio wa simu, na ukinunua MB zaidi utakuwa na kimya kilekile, ila cha gharama.

Kilichokupata ni hiki. Ukiingia kwa simu, Zoom hukuuliza utapata sauti kwa njia gani. Watu hukifunga kidirisha hicho wakidhani ni tangazo, wakaingia kwa macho bila masikio. Mimi huku niliona: kando ya jina lako hapakuwa na alama ya maiki kabisa. Ingekuwapo, lakini imekatwa kwa mstari mwekundu, ningejua umeunganishwa ila maiki imezimwa.

Basi kidirisha kikija, gusa "Wifi or Cellular Data". Kama umeshakifunga, gusa kioo, utaona alama ya sauti kwenye vitufe, anzia hapo. Simu ikiomba ruhusa ya maiki, kubali. Kama uliwahi kukataa, ingia Settings, kisha Apps, Zoom, Permissions, Microphone, uiruhusu.

Kuna jambo la kwenu Koboko ambalo wa Arua mjini halimsumbui sana. Karibu na mpaka, simu huweza kushika mnara wa Sudan Kusini au wa Kongo bila kukuuliza. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja Februari 2021, na mashariki ya Kongo nako wako saa moja nyuma yetu. Simu inayojipangia saa itakuandikia 13:00 wakati kwetu ni saa nane kamili, nawe utaingia nikiwa nafunga. Tena bando la Uganda huenda lisifanye kazi kwenye mnara huo. Kwenye mipangilio ya mtandao zima utafutaji wa kujiendesha, uchague kampuni yako mwenyewe, halafu linganisha saa na redio.

Mengine kwa haraka. Zima blututhi, la sivyo sauti itaenda kwenye spika ya dukani. Msiingie kwa simu mbili chumba kimoja, mtasikia mwangwi. Mkiwa wawili tazameni moja. Mwenye kompyuta aandike zoom.us/test: itampigia mlio, kisha itamrudishia sauti yake mwenyewe. Wewe mwenye simu subiri nifungue mkutano saa saba na nusu. Ingia, washa maiki, taja jina lako. Nikilirudia nawe ukanisikia, njia zote mbili ni nzima. Kisha zima maiki yako hadi uwe na swali. Mtandao ukilegea, zima kamera yako, si sauti.

Jambo la mwisho, kwa sababu ulitaka kusikia kama mashine ina kelele. Usiipime kwa Zoom. Programu hiyo huuchukulia mngurumo mfululizo kuwa kelele na kuupunguza, hata mashine mbovu huweza kuonekana tulivu. Nitarekodi video ya kawaida, mashine ikiwa tupu na ikiwa na karanga, nikutumie kwa WhatsApp kabla hujalipa chochote.