Jicho Linaporuka Beti

Mzee ameketi mkekani, na marufaa mbele yake imebeba mswada ambao pembe zake zimeliwa na wadudu. Kijana yuko upande wa pili, karatasi mpya magotini juu ya ubao, wino na kalamu ya mwanzi mkononi. Taa ya mafuta imewekwa kati yao, mbali kidogo na mswada, maana tone moja la mafuta likidondokea karatasi halitoki tena. Mzee anasoma kipande kimoja kwa sauti. Kijana anakikariri, anaandika, anakisoma tena alichokiandika. Ndipo mzee anasogeza kidole.

Wawili hawa nimewatunga. Nimewaweka Siyu, kisiwani Pate, mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu mji huo ulikuwa na wanazuoni, wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi. Kazi wanayoifanya sikuibuni. Tenzi nyingi za pwani tunazozisoma leo zilipita katika mikono kama hiyo. Nadhani tunawashukuru watunzi vya kutosha, na wanakili hatuwashukuru kabisa.

Mswada walio nao ni utendi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kiarabu hakina herufi za sauti zetu zote. Wanakili wengi wa zamani walitumia herufi ya "b" kwa b, kwa p na kwa mb pia. Alama moja ya chini ilisimamia i na e, na moja ya juu ilisimamia u na o. Kwa hiyo neno lililoandikwa "bata" laweza kuwa bata wa majini, laweza kuwa pata, laweza kuwa mbata, nazi iliyokauka. Mizani haisaidii hapa, kwani yote matatu yana silabi mbili. Msomaji huamua kwa maana ya beti nzima, na asiyeujua utendi huo kwa masikio hukwama. Ndiyo sababu mzee anasoma na kijana anaandika: macho ya kijana ni makali zaidi, lakini sauti ya beti iko kwa mzee.

Nuru ya taa nayo ina kazi zaidi ya kumulika. Wino uliotengenezwa kwa masizi na gundi hukaa juu ya karatasi, na kwa miaka mingi ya unyevu hufifia au kubanduka. Mzee anaishusha taa hadi iwe karibu usawa wa karatasi, mwanga upite ubavuni. Mahali kalamu ilipokandamiza hujitokeza kivuli chembamba, hata kama wino umeondoka. Akitaka kujua tundu la mdudu limekula kiasi gani, anauinua ukurasa na kuiweka taa nyuma yake. Katika karatasi nyingi zilizotoka Italia kupitia biashara ya bahari, mwanga huo huonyesha pia alama ya kiwanda, miezi mitatu michanga iliyopangwa mstari mmoja.

Usiku huu wamekuta tundu. Kipande kimebaki hivi: "Na riziki u…ta". Hiki nacho ni changu, nimekitunga ili tuione kazi. Kipande cha utendi huwa na mizani nane. Zilizobaki ni sita, kwa hiyo tundu limemeza silabi mbili. Kijana hana shaka.

"Mwalimu, ni ukipata."

"Umeliona, mwanangu, au umelijua?"

Kijana anainama tena. "Na riziki ukipata" inatimiza mizani nane. "Na riziki utapata" inatimiza pia, na "Na riziki ulipata" vilevile. Kina cha mwisho ni "ta" katika zote tatu. Lakini moja ni sharti, moja ni ahadi, na moja ni jambo lililokwisha kupita, na mama anayemuusia mwanawe hawezi kuwa amesema yote matatu. Taa inashushwa. Chini ya ukingo wa tundu kuna kijistari cha kasra, alama ya i. Basi "utapata" imeondoka, kwa kuwa silabi ya "ta" ingebeba alama yake juu. Zimebaki ki na li, na zote mbili huandikwa kwa herufi ndefu ambayo kichwa chake kimeliwa. Beti iliyotangulia inaelekea sharti. Mzee hata hivyo anamwambia aache nafasi ya silabi mbili, kisha aandike "ukipata" pembeni kwa herufi ndogo. Huenda nyumba nyingine ina nakala yenye neno hilo zima.

Mimi nauona uamuzi huo kuwa ndio ufundi wenyewe. Mnakili anayeziba tundu bila kuacha alama huwanyima wote watakaokuja baada yake nafasi ya kujua kwamba palikuwa na tundu.

Kuna kosa jingine ambalo taa haiwezi kulifichua. Katika utendi, vipande vitatu vya kwanza vya beti hushirikiana kina, na cha nne hubeba kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho wa utendi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mwanamke aliyekuwa mke wa mtawala wa Siyu, una beti zaidi ya mia, na zote zimefungwa kwa kina kimoja. Kwa msikilizaji ni raha, kwa mnakili ni mtego. Anaandika mwisho wa beti, anachovya kalamu, anarudisha jicho kutafuta ile "a" ya mwisho, na jicho linatua beti moja chini. Beti nzima imepotea, na nakala inaonekana safi: mizani imetimia, vina vimetimia, karatasi haina tundu. Neno linalorudiwa chini ya ukurasa ili kuonyesha ukurasa unaofuata huanza na lipi huokoa kurasa zisichanganyike, lakini beti haliiokoi. Kinachookoa ni kuhesabu. Watunzi kadhaa wa tenzi walitaja idadi ya beti ndani ya utendi wenyewe, na kwa mnakili hesabu hiyo ni ya thamani kuliko pambo lolote la rangi nyekundu. Pasipo hesabu, wawili hawa watabadilishana mwishoni: kijana asome nakala mpya kwa sauti, mzee afuate kwenye ule wa kale.

Bwana mmoja wa Lamu aliifanya kazi hii hadi uzeeni. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi na mchonga mbao, na alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya waliomfuata au kumwandikia. Nakala zake nyingine ziko London na Ujerumani. Miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika kitabu chake cha tenzi cha mwaka 1971 alizilinganisha nakala tofauti. Kulinganisha huko kunawezekana kwa sababu wanakili walikuwa wengi, na kila mmoja alikosea mahali pake.

Kama nyumbani kwenu kuna mswada wa namna hii kabatini, usiubandike utepe wa plastiki, usiuanike juani, wala usiukate pembe zilizoliwa. Piga picha kila ukurasa, hata ule unaoonekana mtupu, mara moja kwa mwanga wa mbele na mara moja kwa mwanga wa ubavuni. Kisha mtafute mzee anayeujua utendi huo kwa moyo, umsomee, na uandike pembeni kila mahali anapokukatiza.