Sahani moja shilingi ngapi?

Mjumbe wa kamati ya harusi akimpigia simu mpishi wa shughuli hapa Dar es Salaam, swali lake la kwanza huwa hilo. Hajataja idadi ya wageni wala ukumbi, na hajui kama ukumbi wenyewe una jiko. Anachotaka ni namba moja ya kupeleka kwenye kikao cha Jumapili, aizidishe kwa wageni waliokadiriwa, aone kama michango inatosha. Ofisa utumishi anayeandaa semina naye huuliza vivyo hivyo. Mpishi anayejibu papo hapo, "Elfu ishirini," amekwisha kufunga mkataba na idadi asiyoijua.

Bei ya kichwa ni jibu la kugawanya, na ndani yake mna gharama za tabia tatu. Ya kwanza humfuata mgeni: mchele, nyama, kuku, kachumbari, matunda, sahani ya kukodi. Kilo moja ya mchele mkavu ikipikwa pilau hutosha watu sita au saba kwenye bufee, basi wageni wakiongezeka saba unaongeza kilo. Ya pili haiwajali wageni kabisa: gari la kubeba masufuria, mpishi mkuu na wasaidizi wake, mtu wa kuosha vyombo. Ya tatu hupanda kwa ngazi. Mhudumu mmoja huangalia wageni 25 hivi, na meza moja ya bufee hutosha watu mia. Mgeni wa 101 anakudai meza ya pili nzima, hata kama yuko peke yake.

Tuchukue harusi ya watu 300. Bei nitakazotumia ni za kufanyia hesabu tu, sokoni kila wiki ina yake. Tuseme chakula na sahani vinagharimu 11,000 kwa mgeni, vinywaji kamati imenunua yenyewe. Wahudumu 12 kwa 25,000 kila mmoja ni 300,000, na meza tatu za bufee kwa 100,000 ni 300,000 nyingine. Gari, wapishi, gesi na usafi vyote pamoja 900,000. Jumla ni 4,800,000, yaani 16,000 kwa kichwa. Ukitaka katika kila shilingi mia unayolipwa ishirini zibaki kwako, usiongeze asilimia 20 juu ya 16,000, maana utapata 19,200 na faida itapungua bila kujua. Gawanya 16,000 kwa 0.8. Hapo unapata 20,000, na shughuli nzima inakuachia 1,200,000.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mwenyekiti wa kamati anapiga simu. Ahadi hazijalipwa, wamepunguza wageni, sasa ni 180. "Lakini bei si ni ileile, mama?" Kwake ni haki tupu: wageni wamepungua, chakula kitapungua, malipo yapungue. Chakula kweli kimepungua hadi 1,980,000. Wahudumu sasa ni wanane na meza ni mbili, jumla 400,000. Zile 900,000 ziko palepale. Gari halibebi nusu ya safari. Gharama ni 3,280,000 na malipo kwa bei ya zamani ni 3,600,000. Faida ya 1,200,000 imekuwa 320,000 kwa kazi iliyobaki karibu vilevile.

Ndiyo maana bei iandikwe kwa ngazi, na kila ngazi ikokotolewe kwa idadi yake ya chini kabisa. Kwa hesabu hizihizi, kuanzia watu 150 bei ni 24,200, kuanzia 200 ni 22,000, kuanzia 300 ni 20,000. Ila ngazi zina mtego ambao wateja wenye hesabu huuona haraka. Kamati ya watu 280 kwa 22,000 inalipa 6,160,000, wakati kamati ya watu 300 inalipa 6,000,000. Wenye watu 280 wataona wanaadhibiwa, na wana haki. Dawa ni mstari mmoja kwenye mkataba: malipo ya ngazi ya chini hayatazidi malipo ya kuanzia ngazi inayofuata. Hivyo kuanzia mgeni wa 273 wanalipa 6,000,000, basi.

Ungeweza pia kutenganisha: ada ya shughuli kivyake, sahani kivyake. Ni njia safi zaidi, na ofisi huikubali. Kamati za harusi nyingi huikataa, kwa sababu kikao kinataka namba moja, na ile ada inaonekana kama pesa ya bure. Sibishani nao, naandika bei ya kichwa na idadi ya chini ambayo italipiwa hata wasipofika.

Lakini kwenye harusi hatari kubwa haiko kwenye wasiofika. Kadi ya dabo imeandikiwa watu wawili, wakaja na watoto watatu. MC, watu wa muziki, wapiga picha, matarumbeta, wapambaji na madereva wa msafara nao watakula, na hakuna aliyewahesabu. Wakifika 20, kwa 11,000 kila mmoja ni 220,000, karibu moja ya tano ya faida yako. Waulizie siku ya kwanza, uwaweke kwenye idadi au uwape bei yao ya chini.

Kinachomaliza ubishi ni sahani. Kabla mlango haujafunguliwa, toa sahani kwenye kreti kwa mafungu ya kumikumi mbele ya mjumbe wa kamati, mwandike idadi, wote wawili mtie saini. Akiba ya asilimia tano ikae pembeni, kwenye kreti yake. Kila sahani ya akiba ikitoka, inaandikwa. Kuhesabu kadi mlangoni hakutoshi, kwa sababu mtoto hana kadi ila sahani anabeba. Dalili ya kwamba idadi imepita huonekana mapema kwenye kuku: kipande kikiwa kimoja kwa mgeni na nusu ya ukumbi haijapita, lakini chombo kinaonyesha chini, weka mhudumu agawe kwa mkono. Watu wakijipakulia wenyewe, kuku ndiye hutangulia kuisha na wali ukabaki.

Ofisini mambo hugeuka. Orodha ya semina ina watu 60, siku ya kwanza wanafika 57, siku ya tatu alasiri wamebaki 40. Chai ya saa nne na chapati zake imekwisha kuandaliwa kwa 60. Kwa hiyo mkataba wa ofisi unahitaji sakafu: idadi ya mwisho itolewe saa 48 kabla, na malipo yasiwe chini ya asilimia 90 ya idadi hiyo. Uliza pia kila siku ina watu wangapi, maana bei ya kichwa kwa siku tatu ni vichwa vitatu tofauti.

Jambo jingine la ofisi ni pesa yenyewe. Harusi hulipa kabla ya pilau kuinjikwa. Ofisi hukupa hati ya manunuzi, unapika, unapeleka ankara na risiti ya EFD, unasubiri mwezi au zaidi, na malipo yakija yamekatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Makato hayo hupigwa kwenye malipo yote, si kwenye faida. Kwa bei ya 20,000 ni 1,000 kwa kila sahani, robo ya ile 4,000 uliyotegemea. Cheti cha zuio utakitumia kupunguza kodi yako baadaye, ila muuza nyama hapokei cheti. Kama umesajiliwa kwenye VAT, andika wazi kama bei ni kabla au baada ya asilimia 18. Ukikaa kimya, mhasibu atasoma kwamba imo ndani, na hapo 20,000 yako inabaki 16,949.