Miji tisa, grafu tisa ndogo

Chora mvua ya kila mwezi ya Bukoba, Mwanza, Arusha, Kigoma, Dodoma, Dar es Salaam, Mbeya, Songea na Mtwara kwenye grafu moja ya mistari, na utapata uzi uliotatizana. Rangi tisa hazitoshi kukuokoa. Msomaji atakuwa akiruka kila mara kutoka kwenye mstari hadi kwenye ufunguo wa rangi, na mistari inapokutana mwezi Aprili hajui tena upi ni upi.

Dawa yake ni kuipa kila mji grafu yake ndogo, zote za ukubwa mmoja na vipimo vilevile, kisha kuzipanga pamoja kwenye ukurasa mmoja. Mmarekani Edward Tufte ndiye aliyeueneza sana mtindo huu kwa kitabu chake cha 1983 kuhusu uchoraji wa takwimu. Jina la mji huandikwa juu ya grafu yake, na ufunguo wa rangi hauhitajiki tena.

Mpangilio ndio wenye kazi kubwa. Ukifuata alfabeti, Arusha itakaa kando ya Bukoba bila sababu. Zipange kama ramani: juu Bukoba, Mwanza na Arusha, katikati Kigoma, Dodoma na Dar es Salaam, chini Mbeya, Songea na Mtwara. Mstari wa juu wote, pamoja na Dar es Salaam, unaonyesha vilima viwili, cha vuli na cha masika. Kwingineko kuna kilima kimoja kipana. Mgawanyo wa misimu ya mvua nchini unaonekana bila maelezo.

Lakini mwaka uanzie wapi? Ukianza Januari, msimu wa Dodoma, unaoingia mwishoni mwa mwaka na kuishia Aprili, unakatwa vipande viwili, na kilima kimoja kinaonekana kama viwili. Anza Julai, wakati wa kiangazi, nacho kitarudi kuwa kizima.

Kipimo cha wima nacho kinataka uamuzi. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, Dodoma karibu 600. Kwa kipimo kimoja, Dodoma inabaki chini kabisa, na hivyo ndivyo ilivyo kweli. Kila grafu ikipewa kipimo chake, umbo la msimu huonekana vizuri zaidi, ila msomaji atadhani mvua inalingana. Mimi hushika kipimo kimoja, na nyuma ya kila mstari huchora mistari ya miji mingine minane kwa kijivu hafifu, ili kila mji uonekane ulipo kati ya wenzake.

Hata hivyo, kama swali ni Machi ipi ilikuwa na mvua zaidi, ya Arusha au ya Dar es Salaam, grafu hizi zitakusumbua, kwa kuwa jicho halipimi vizuri urefu wa vitu vilivyo mbalimbali. Hapo chora mistari hiyo miwili tu, kwenye grafu moja.