Pazia la Mita 2: Zimepimwa Kutoka Wapi Hadi Wapi?

"Mapazia mazito ya ringi, mita 2, rangi ya maziwa. Tunatuma mikoani." Tangazo la namna hii huja na picha moja nzuri. Mteja aliyeko Iringa analipa, mzigo unapakiwa kwenye basi Dar es Salaam, na ukishafika pazia linaning'inia juu kabisa ya sakafu, au linafika chini lakini likifungwa linanyooka kama shuka iliyoanikwa. Muuzaji hakudanganya, mita 2 zilikuwemo. Hakusema tu kama ni za upana au za urefu, za kipande kimoja au viwili, wala zilianzia wapi kupimwa.

Maelezo ya pazia huanzia kwenye kichwa, yaani sehemu ya juu inayolishika bomba, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua upana, urefu na hata unene wa bomba. Kichwa cha ringi kina matundu yaliyozungushiwa pete za plastiki au chuma, na bomba linapita ndani ya matundu hayo. Kichwa cha marinda hushonewa utepe kwa nyuma, kisha kulabu huchomekwa kwenye utepe na kuning'inizwa kwenye reli au kwenye pete zilizovishwa bomba. Kichwa cha mfuko ni upindo mpana ulioachwa wazi pande zote mbili ili bomba lipenye. Huu ni rahisi kushona, lakini pazia lake halitelezi, hivyo naupendekeza kwa shia isiyofunguliwa mara kwa mara, si kwa pazia zito la sebuleni.

Tuchukue dirisha moja la sebule. Upana wake ni sentimita 150, kimo chake 120, na ukingo wake wa chini uko sentimita 90 kutoka sakafuni. Bomba halikatwi sawa na dirisha. Linaongezwa sentimita 20 kila upande ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kuacha mwanga uingie. Kwa hiyo bomba letu lina sentimita 190, bila kuhesabu vichwa vya urembo vya mwishoni.

Pazia la ringi lenye mawimbi mazuri linahitaji kitambaa mara 2 ya bomba, na la marinda linaweza kufika mara 2 na nusu. Sisi tumechagua ringi, basi tunahitaji sentimita 380, yaani vipande viwili vya sentimita 190 kila kimoja, vikiwa vimetandazwa. Maneno "kila kimoja" na "vikiwa vimetandazwa" lazima yaandikwe. Bila hayo, mteja anayesoma "upana 190" atadhani ni jozi nzima, au atadhani ni upana baada ya kukunjika, na kila maana inaleta pazia tofauti.

Upana huo pia unaamua idadi ya ringi. Kila kipande kitakuwa na ringi 12, zikipishana sentimita 16 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, na sentimita 7 zikibaki kila pembeni. Idadi iwe shufwa sikuzote. Ikiwa witiri, ukingo mmoja wa pazia utaelekea ukutani na mwingine utachomoza chumbani.

Urefu ndio unaokosewa zaidi. Mteja hupima kutoka kwenye bomba, muuzaji hupima kitambaa kutoka ukingo wa juu, na hivi ni vipimo viwili. Bomba letu limewekwa ili mgongo wake uwe sentimita 15 juu ya dirisha, yaani sentimita 225 kutoka sakafuni. Lakini ringi inalalia mgongo wa bomba, na juu ya tundu kuna kama sentimita 3 za pete na kitambaa. Ukingo wa juu wa pazia utakuwa basi kwenye sentimita 228. Tukiacha sentimita 1 ili upindo usisugue vumbi, pazia lililokamilika linapaswa kuwa na 227. Kwa pazia la marinda hesabu hubadilika, kwani hapo lililo muhimu ni umbali kutoka kulabu hadi upindo wa chini. Ndiyo maana namba ya urefu peke yake haitoshi, iandikwe imeanzia wapi.

Fundi akipewa 227 ataongeza kama sentimita 25 za pindo za juu na chini, apate 252. Akiwa na kitambaa cha upana wa sentimita 280 anaweza kukilaza, upana wa jora ukawa urefu wa pazia, na mita 4 zikatosha kwa jozi pamoja na pindo za pembeni. Akiwa na kitambaa cha sentimita 140 atahitaji mapande matatu ya 252, karibu mita 7 na nusu, na kila kipande cha pazia kitakuwa na kiungo. Ila kabla ya kulaza kitambaa chenye maua, tazameni maua yanaelekea wapi, yasije yakalala ubavu.

Bomba nalo litajwe kwa unene. Ringi zenye tundu la milimita 40 huteleza vizuri kwenye bomba la milimita 28. Kwenye bomba la 35 zitakwama, na bomba la 19 linaweza kupinda katikati likibebeshwa kitambaa kizito. Bomba la kuvutika lina ngazi ndogo pale bomba nene linapoishia, na ringi hugonga hapo kila pazia linapovutwa. Likiwa refu likahitaji mshikio wa katikati, ringi haziwezi kuuvuka, hivyo kila kipande kitabaki upande wake.

Kuhusu bitana, kusema "ina bitana" ni nusu ya habari. Je, inapunguza mwanga au inauzia kabisa? Shika pazia mbele ya dirisha mchana na uweke kiganja nyuma yake. Ukiona kivuli cha vidole, mwanga unapita. Bitana ya pamba iloweshwe na kukaushwa kabla ya kushonwa. Isipofanyiwa hivyo, ikiwa kitambaa cha mbele ni poliesta, bitana itanywea peke yake baada ya kufuliwa na kuuvuta upindo uelekee nyuma.

Rangi ipigwe picha mchana, karibu na dirisha lakini si juani, bila flashi na taa zikiwa zimezimwa. Taa ya manjano hugeuza rangi ya maziwa kuwa ya siagi, na taa nyeupe kali huifanya ielekee kijivu. Karatasi nyeupe ikiwekwa kando ya kitambaa, mteja ataona kama kamera imeongeza umanjano au ubuluu. Picha ya pili ipigwe pazia likiwa dirishani na jua likitoka nyuma, maana pazia lisilo na bitana hupauka mchana na kuwa zito jioni.

Tangazo letu basi lingesomeka hivi: "Vipande 2, kila kimoja upana sentimita 190 kikiwa kimetandazwa, urefu 227 kutoka ukingo wa juu hadi upindo. Ringi 12 kila kipande, tundu milimita 40, kwa bomba la milimita 28 lenye urefu wa sentimita 190. Bitana nyeupe, inapunguza mwanga, haizuii wote. Rangi ya maziwa yenye umanjano kidogo. Picha imepigwa mchana kivulini."

Bado kioo cha simu ya mteja kina rangi zake. Kwa oda kubwa ya nyumba nzima, muuzaji akate kipande cha ukubwa wa kiganja pamoja na bitana yake, akitume kwanza, na mteja akibandike dirishani akitazame saa 4 asubuhi na tena saa 2 usiku taa zikiwaka, kabla jora halijakatwa.