Silikoni ya N, Silikoni ya P na Yanayotokea Zinapokutana

Atomi ya silikoni ina elektroni nne katika ganda lake la nje, na ndani ya fuwele huzitumia zote kujifunga na atomi nne zilizoizunguka. Kwa hiyo silikoni safi hupitisha umeme kwa shida. Katika joto la kawaida la chumba, elektroni iliyochomoka na kuwa huru ni moja tu kwa kila atomi trilioni 5 hivi.

Hali hugeuka kabisa zikiingizwa atomi ngeni chache. Atomi ya fosforasi ina elektroni tano za nje. Ikikaa mahali pa atomi ya silikoni, nne hufungana na majirani, na ya tano hubaki imeshikwa kwa ulegevu kiasi kwamba joto la chumba linatosha kuiachia. Silikoni ya namna hiyo ni ya aina ya N. Boroni ina elektroni tatu tu, hivyo kifungo kimoja hubaki na pengo. Elektroni ya kifungo cha jirani ikiruka kuliziba, pengo huwa limehamia kule ilikotoka. Pengo hilo linalohama huitwa tundu, nalo hubeba umeme kana kwamba ni chembe yenye chaji chanya. Hii ni silikoni ya aina ya P.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Atomi moja ya boroni kati ya atomi milioni 5 za silikoni hupunguza ukinzani wa fuwele zaidi ya mara laki moja. Ndiyo sababu silikoni husafishwa kwanza kwa gharama kubwa, kisha huchafuliwa kwa kipimo.

Wengi hudhani kwamba kipande cha N kina chaji hasi na cha P kina chaji chanya. Sivyo. Fosforasi imeleta elektroni moja ya ziada, lakini pia imeleta protoni moja ya ziada katika kiini chake, na kipande kizima hakina chaji. Chaji hujitokeza aina hizo mbili zinapokutana.

Kuzikutanisha si kugandamiza vipande viwili, kwa kuwa nyuso zake zina vifungo vilivyokatika na utando wa oksidi. Fuwele lazima iwe moja. Kwa miaka mingi, katika seli nyingi za sola, kipande chembamba chenye boroni kiliwekwa katika tanuri lenye mvuke wa fosforasi, kwenye joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi. Fosforasi hupenya chini ya uso kwa sehemu ndogo ya maikromita. Boroni haiondoki, huzidiwa idadi tu. Makutano yapo pale ambapo fosforasi na boroni zinalingana.

Hapo elektroni za upande wa N husambaa kuelekea P, na matundu huelekea N, yakikutana na kufutana. Zinazobaki nyuma ni atomi zilizokwama ndani ya fuwele: fosforasi zilizopoteza elektroni, zenye chaji chanya, na boroni zilizopokea elektroni, zenye chaji hasi. Kati yake huzuka uga wa umeme unaorudisha nyuma elektroni na matundu yanayofuata, na msambao husimama. Kwa boroni ya kipimo kilichotajwa na fosforasi nyingi zaidi upande wa pili, ukanda huo uliobaki mtupu una upana wa theluthi moja ya maikromita. Volti yake haifiki hata 1, lakini kwa sababu ukanda ni mwembamba, nguvu ya uga hupita volti 50,000 kwa sentimita. Multimita haiwezi kuisoma volti hiyo, maana miungano ya waya na silikoni huwa na tofauti zake zinazoifuta.

Upande wa P ukiunganishwa na chanya ya betri, na N na hasi, kizuizi hushuka na ukanda hupungua. Kila nyongeza ya volti 0.06 hivi huongeza mkondo mara 10, na karibu na volti 0.6 hadi 0.7 mkondo huwa mkubwa. Betri ikigeuzwa, ukanda hupanuka na mkondo unaopita ni mdogo sana, hadi volti ikizidi kiwango ambacho makutano yanaweza kustahimili. Daiodi ya 1N4007, ambayo mafundi wengi wanayo, imetengenezwa kuhimili volti 1,000 za kinyume.

Kuipima ni rahisi. Multimita huwekwa kwenye alama ya daiodi, waya mwekundu ukigusa ncha ya P na mweusi ncha ya N, iliyo upande wenye mstari. Daiodi nzima husoma kati ya volti 0.5 na 0.7 hivi, na nyaya zikibadilishana haionyeshi njia. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili baada ya kutolewa kwenye saketi, makutano yameungua.