Fahamu: Jinsi mota inavyotoa dalili kabla ya kuharibika

Kidhibiti cha PLC kinachoendesha pampu mara nyingi hupokea vipimo vya mtetemo na joto la mota, lakini kazi yake huishia kuzima mtambo mambo yakishaharibika. Kinachofaa kuangaliwa ni mwelekeo wa namba hizo wiki hadi wiki.

Chukua mfano wa mota ya kilowati 30 ambayo ikiwa nzima hutetema milimita 1.4 kwa sekunde. Kwa ukubwa huo, kiwango cha ISO 10816 kiliweka 2.8 kama ukomo wa hali ya kuridhisha, na 7.1 kama mwanzo wa hatari. Mtetemo ukipanda hadi 1.8, kisha 2.3 ndani ya wiki sita, kengele haitalia. Hata hivyo, fundi ana sababu ya kukagua boliti za msingi, mpangilio wa shafti na beringi.

Rekodi vipimo mota ikiwa imeshapata moto na inabeba mzigo wa kawaida, la sivyo grafu italinganisha vitu tofauti. Kwenye joto, toa kwanza joto la chumba. Bila hivyo, mchana wa jua kali utaonekana kama hitilafu.

Joto likipanda mtetemo ukiwa palepale, tazama ampia. Zikiwa za kawaida, huenda kifuniko cha feni kimezibwa na vumbi, au beringi imejazwa grisi kupita kiasi.

Njia hii ina mpaka: mikwaruzo ya mwanzo ndani ya beringi haionekani kwenye kipimo hiki cha milimita kwa sekunde. Mikwaruzo hiyo inahitaji kipimo cha masafa ya juu.