Pete za ndoa: kila kidole na hesabu yake

Wachumba wengi huingia kwa sonara wakitaka pete pacha: rangi moja, upana mmoja, uzito mmoja. Sonara akishika vidole vyao, mambo hubadilika.

Tuchukue bwana harusi ambaye ni fundi magari. Kifundo cha kidole chake ni kinene, lakini shina la kidole ni jembamba. Pete inayopita kwenye kifundo huzunguka ovyo ikifika chini, na inayokaa vizuri chini haipiti juu. Sonara mzuri hupima sehemu zote mbili, halafu huchagua kipimo cha kati, pete ipite kwa kusokotwa kidogo. Ikiendelea kucheza, huchomelea vitone viwili vya dhahabu upande wa ndani ili vishike ngozi. Upana nao usisahauliwe: pete ya milimita 6 hubana kuliko ya milimita 3, hata kipimo kikiwa kilekile. Na kwa kuwa vidole huvimba kwa joto, ni vyema kupimwa zaidi ya mara moja, asubuhi na jioni.

Sasa mfuko. Pete ya fundi wetu, yenye upana wa milimita 4 na unene wa milimita 1.5, ikitengenezwa kwa dhahabu ya karati 18 huwa na uzito wa gramu 6 hivi. Karati 18 maana yake robo tatu ni dhahabu halisi, kwa hiyo hapo kuna gramu 4 na nusu hivi. Umbo hilohilo kwa karati 9 halifiki gramu 5, na dhahabu halisi ndani yake haizidi gramu 2. Tofauti ya bei huanzia hapo, ingawa rangi nayo hupauka. Bibi harusi anayetaka karati 18 ya njano anaweza kuipata kwa kukubali pete nyembamba, ya milimita 2.5, ambayo hula karibu nusu ya dhahabu ya pete ya mwenzake.

Bwana harusi akiwa Mwislamu, mara nyingi suala la dhahabu halipo kabisa, atavaa fedha. Fedha huchubuka na kupinda upesi, basi iwe nene. Taitani ni nyepesi na ngumu, bei yake ni nafuu, ila masonara wengi hawawezi kuipanua kidole kikinenepa. Kwa fundi, chuma chochote kile kivuliwe kazini: pete ikigusa nguzo ya betri na bodi ya gari kwa pamoja, huunguza kidole mara moja.

Kabla ya kulipa, pete ipimwe kwenye mizani mbele yenu, mtazame chapa ya ndani (750 ni karati 18, 375 ni karati 9), na risiti itenganishe bei ya gramu na gharama ya ufundi.